Mzazi mwenzangu haachi kunitumia meseji. Ni mapenzi au usumbufu?

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mzazi mwenzangu tuliachana mwaka jana, mtoto wetu ana miaka minne. Kila siku ananitumia meseji, nyingine usiku wa manane. Hatukani wala hatishii. Anasema amenikumbuka, anauliza niko na nani. Nikimbloku anakuja na laini mpya. Juzi kaandika: "Ile blauzi ya njano ya leo imekupendeza." Siku hiyo sikuonana naye kabisa. Dada yangu anasema ni mapenzi tu. Nyingi nimeshazifuta. Huu ni usumbufu wa kushtaki, au najisumbua mwenyewe?*
*Mama Mmoja, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Hujisumbui. Meseji ya blauzi ndiyo iliyonitia hofu kuliko zote. Mtu baki akiisoma ataona sifa, lakini wewe umeambiwa kwamba alikuwa mahali anakutazama, na akataka ulijue hilo. Ukiiweka pamoja na laini mpya kila unapombloku, ni mtu anayejua hatakiwi na bado anatafuta mlango.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Matusi si sharti. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ugumu uko kwenye hilo neno nia, maana yeye atasema alikuwa anamuulizia mwanawe.

Ndiyo maana nataka umwandikie mara moja tu, bila kumtukana na bila kujieleza: "Sitaki unitumie meseji wala kunipigia kwa jambo lolote lisilomhusu mtoto. Ya mtoto andika kwenye namba hii, mchana." Basi. Usiongeze "samahani" wala "labda baadaye". Kuanzia hapo, ada ya shule na homa ya mtoto umjibu kwa ufupi, mengine usijibu hata neno. Akiandika saa nane usiku "mtoto hajambo?" kisha dakika mbili baadaye "umelala na nani?", ya kwanza imebebwa ili ya pili ifike. Zihifadhi zote mbili pamoja. Kila atakachotuma baada ya katazo lako kitaonyesha nia yake kuliko maelezo yako.

Sasa kuhusu ushahidi. Usifute tena. Kwenye WhatsApp mtumaji anaweza kufuta ujumbe hata kwenye simu yako, kwa hiyo piga skrinishoti mara tu unapoupokea. Wengi hukosea hapa: picha inaonyesha "Baba Fulani" juu, na jina hilo umeliandika wewe. Fungua wasifu wake, piga picha nyingine inayoonyesha namba yenyewe. Tarehe na saa vionekane, usikate pembeni, na majibu yako yabaki hata kama ulikasirika ukamtukana, kwa sababu mazungumzo yaliyopunguzwa hutiliwa shaka. Kisha ingia kwenye mazungumzo hayo, uchague Export chat, ujitumie faili kwa barua pepe ambayo yeye hajui nywila yake. Simu yenyewe usiiuze wala kuifuta. Mahakama hupima kama kumbukumbu ya kielektroniki imebaki kama ilivyokuwa, na simu yako ndiyo chanzo chake.

Kwa sasa zima tu mlio wa meseji zake badala ya kumbloku, ili ziendelee kuingia na kuhifadhiwa. Ila zikikunyima usingizi, mbloku, na ujihifadhie kwanza zilizopo. Afya yako inatangulia.

Nunua na daftari. Andika siku ileile, kwa maneno yake, hivi: "Jumanne, saa 2:40 usiku, namba mpya inayoishia 417. 'Ile blauzi ya njano ya leo imekupendeza.' Nilivaa blauzi hiyo kazini na kwenye daladala. Sikumwona. Nilimwonyesha dada." Ulizozifuta ziandike pia kadiri unavyokumbuka, na useme wazi kwamba umeziandika kwa kumbukumbu. Kama uliwahi kumtumia dada yako mojawapo, mwombe akurudishie.

Akiendelea baada ya katazo lako, nenda kituo cha polisi, uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Beba simu, daftari na nakala za picha zilizopangwa kwa tarehe, katazo lako likiwa juu. Waeleze habari ya blauzi mwanzoni kabisa, na usiondoke bila namba ya RB.

Akitokea nyumbani, kazini au shuleni kwa mtoto, au akiandika neno lolote la kukudhuru, usisubiri daftari lijae. Piga 112. Na leo hii mwambie mwalimu wa mtoto nani anaruhusiwa kumchukua.