Siku tatu kamili zinahesabiwaje?

"Ombi litasikizwa Milimani siku ya Jumatatu, nami natakiwa kumkabidhi mwombaji hati yangu ya kiapo siku tatu kamili kabla. Je, Ijumaa haijachelewa?"

Imechelewa, ndugu, na hata Alhamisi aliyokupa mchangiaji wa kwanza haitoshi. Yeye ameacha siku ya kukabidhi na siku ya kusikizwa, jambo ambalo ni sahihi, lakini amehesabu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kanuni za Mwenendo wa Madai za Kenya za 2010, katika Agizo la 50, husema kwamba muda ukiwa chini ya siku sita, Jumapili na sikukuu za umma hazihesabiwi.

Anza basi kwenye Jumatatu na urudi nyuma: Jumapili unairuka, kisha unapata Jumamosi, Ijumaa na Alhamisi, kwa hiyo siku ya mwisho ya kukabidhi ni Jumatano. Alhamisi ikiwa sikukuu, rudi hadi Jumanne. Kuhusu Jumamosi, mawakili wengine huiona kuwa siku isiyo ya kazi na kuiruka pia. Mimi ningekabidhi Jumanne nijiepushie ubishi huo.

Ukishachelewa, usinyamaze: omba mahakama ikuongezee muda kabla ombi halijaanza kusikizwa, ingawa kukubaliwa ni hiari ya hakimu na huenda ukatozwa gharama.