Chupa Tatu na Safari ya Choo Saa Nane Usiku

Juzi msomaji mmoja wa Bungoma aliniandikia: "Kaka, mimi humeza dawa ya presha saa moja asubuhi. Nikinywa bia mbili saa mbili usiku, si dawa itakuwa imeshaisha mwilini?" Swali hilo lilinichoma, maana mimi pia niliwahi kujiuliza hivyo hivyo, nikajijibu ninavyotaka. Haijaisha, ndugu yangu. Nina kovu juu ya jicho la kushoto la kukuthibitishia.

Wanaonijua wanajua nina karakana ya samani pale Kibuye, Kisumu. Wakati huo nilikuwa na miaka 56, na kila asubuhi nilimeza vidonge viwili vya presha: amlodipini ya miligramu 10 na kile cha kukojosha. Aliyeniuzia aliniambia nisiache hata siku moja. Habari za pombe hakuzitaja, nami sikuuliza, kwa sababu jibu nililijua na sikulipenda.

Tukaenda Vihiga kumzika shemeji. Nilimeza dawa zangu saa moja kama kawaida, nikashinda juani nikipanga viti na turubai, tumboni nina chai na mkate tu. Jioni nikanywa bia tatu, kuanzia saa mbili hadi saa nne. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa michango, na usiku ule ule nilihesabu pesa za watu, zikatimia hadi shilingi ya mwisho. Nalisema hili makusudi. Sikuwa nimelewa.

Saa nane usiku mkojo ukanibana. Niliruka kitandani kama kijana, nikatoka mbio kwenda choo cha nje. Nilikuwa nimesimama nakojoa, karibu namaliza, nikaona giza linaingia kutoka pembeni mwa macho, kama mtu anavuta pazia pande zote mbili. Masikio yakavuma, jasho baridi likanitoka shingoni. Kilichofuata ni ladha ya udongo mdomoni. Nilikuwa nimepiga uso kwenye fremu ya mlango.

Binamu zangu walikuja na tochi, wakanishika makwapa: "Simama mzee, simama!" Wakanisimamisha, nikazimia tena mikononi mwao. Shangazi mmoja aliyewahi kuwa nesi ndiye aliyewafokea wanilaze. Wakanilaza kwenye mkeka, miguu juu ya kiti, na baada ya dakika chache nilikuwa nawataja kwa majina. Nilishonwa nyuzi sita. Kilichouma zaidi ni yale maneno kwamba mzee amezidiwa na chupa. Mpaka leo kuna binamu ananiita Chupa Tatu.

Siku tatu baadaye, kliniki, daktari alinilaza dakika tano akapima: 126 kwa 76. Akanisimamisha. Baada ya dakika moja, 110 kwa 70. Baada ya dakika tatu, 112 kwa 71. Akanieleza kwamba namba ya juu ikishuka 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, au ya chini ikishuka 10, hiyo ni presha inayoanguka mtu akisimama. Yangu ilishuka 16, tena bila tone la pombe. Kwa hiyo dawa peke yake ilikuwa imenifikisha karibu na ukingo, na bia ndiyo iliyonisukuma.

Ukisimama, damu nusu lita na zaidi huteremka miguuni na tumboni. Mwili wenye afya huziba pengo hilo ndani ya sekunde chache, kwa kukaza mishipa na kuharakisha moyo. Sasa amlodipini kazi yake ni kulegeza mishipa. Pombe nayo hulegeza mishipa, na zaidi ya hapo huidhoofisha ile amri ya kukaza unaposimama. Kidonge cha kukojosha kimepunguza maji na chumvi mwilini, pombe ikakojosha tena, na jua lilikuwa limeshanikausha mchana. Ongeza kitanda chenye joto na kibofu kilichojaa: kibofu kikijaa huipandisha presha kidogo, ukikimwaga inashuka ghafla. Wanaume tunaokojoa wima usiku tunaanguka hapo hapo.

Turudi kwa saa zako, msomaji wa Bungoma. Kama dawa yako ni amlodipini kama yangu, inakaa mwilini siku nzima na kuvuka hadi ya pili, kwa hiyo hakuna pengo la jioni ambamo chupa itapita. Na pombe yenyewe huishusha presha kwa saa nyingi baada ya kunywa, ndiyo maana niliyekunywa saa mbili nilianguka saa nane. Kesho yake huipandisha. Basi ukijipima usiku baada ya bia ukaona namba nzuri, usifikiri bia imekutibu.

Usije pia ukaruka kidonge ili unywe. Najua wanaofanya hivyo kila Ijumaa, na wengine hunijia kifua mbele kunieleza werevu wao. Unajinunulia presha ya kupanda na kushuka kama bei ya nyanya, na ziko dawa ambazo ukizikata ghafla presha hurudi juu kwa hasira. Daktari alinibadilishia dawa moja. Siwaambii ni ipi, maana nawajua, kuna mtu ataenda kuitupa ya kwake leo jioni.

Jifunzeni kutofautisha. Kizunguzungu cha ulevi kinakufuata hata ukilala na kufumba macho, nyumba inazunguka. Cha presha kinakuja ukisimama na kinakwisha ukilala. Ukiona lile pazia, usijikaze ufike mlangoni. Kaa chini pale pale, ikiwezekana ulale, hata kama ni kwenye matope na suruali ya Jumapili. Aibu ya suruali inafuliwa. Na ukimwona mwenzako ameanguka hivyo, msimsimamishe. Aliyegonga kichwa, akaanza kutapika, kusinzia au kuumwa kichwa kinachozidi, apelekwe hospitali usiku huo huo, hasa kama anameza dawa ya kuyeyusha damu.

Wazee wenye tezi dume, ninyi ndio nawahofia zaidi. Baadhi ya dawa za kulegeza njia ya mkojo hulegeza na mishipa ya damu, na tezi yenyewe inawaamsha mara tatu kwa usiku. Mwambieni daktari wa presha kuhusu dawa za tezi, na wa tezi kuhusu za presha. Na mtajieni chupa kwa idadi yake ya kweli. Chang'aa haina hata idadi, maana hakuna ajuaye nguvu ya iliyo kwenye glasi.

Mimi sasa sinywi kwenye matanga. Krismasi hunywa moja, nimeshiba, na maji kando. Usiku nakaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili nikichezesha vifundo vya miguu ndipo nisimame, na nakojoa nimekaa. Ndiyo, nimekaa. Mama watoto aliniwekea ndoo ya bluu yenye kifuniko chini ya kitanda, na binamu akija kulala kwangu huitumia kabla yangu.

Wewe wa Bungoma, kama una mashine nyumbani, kesho, ukishapita muda wa saa mbili au tatu tangu umeze dawa, lala dakika tano upime, kisha simama kando ya kitanda upime dakika ya kwanza na ya tatu. Andika namba zote kwenye karatasi uende nayo kliniki, na chini yake uandike zile bia mbili.