Madarasa 16, vikosi viwili: nilikokosea makisio ya saa za mafundi

Nilipewa kukadiria kazi ya kujenga kuta za madarasa 16 yanayofanana: ramani moja, tofali zilezile, madirisha idadi ileile. Kutokana na kazi zangu za nyuma nilijua darasa la kwanza la aina hiyo hula saa 320, yaani watu wanne kwa siku kumi za saa nane. Kuzidisha 320 kwa 16 kunakupa saa 5,120, na ukipeleka bei hiyo kazi utaikosa, kwa sababu mafundi hawajengi darasa la kumi kwa mwendo wa darasa la kwanza.

Jambo hili liliandikwa na mhandisi wa ndege T. P. Wright mwaka 1936: kila idadi ya ndege ilipoongezeka mara mbili, wastani wa kazi kwa kila ndege ulishuka hadi kama 80%. Kwenye kuta za tofali kushuka si kukubwa hivyo. Mimi hutumia 90%, tena kwa saa za darasa lenyewe, si kwa wastani. Basi la kwanza likila saa 320, la pili litakula 288, la nne 259, la nane 233 na la 16 saa 210. Angalia kwamba punguzo kubwa liko mwanzoni. Kwenye Excel, jumla ya yote 16 hupatikana hivi:

```
=SUMPRODUCT(320*ROW(1:16)^-0.152)
```

Hiyo -0.152 ni logi ya 0.9 ukiigawa kwa logi ya 2. Jibu ni kama saa 3,850, nikaliweka kwenye makisio.

Kabla hatujaanza, mwenye kazi akataka imalizike mapema. Tukaajiri kikosi cha pili, kila kikosi kikachukua madarasa manane. Sikugusa makisio yangu, maana madarasa yalikuwa yaleyale 16. Hapo ndipo nilipokosea. Anayejifunza ni kikosi, eneo la ujenzi halijifunzi chochote. Kikosi cha pili nacho kilianza na darasa lake la kwanza, na hakuna kikosi kilichofika darasa la tisa, achilia mbali la 16. Madarasa manane hula kama saa 2,100, vikosi viwili vikala 4,200. Saa 350 hivi hazikuwa na fedha.

Siwezi kusema kuwa na vikosi viwili ni kosa. Kikosi kimoja cha watu wanne kingechukua siku 120, viwili vilimaliza kwa siku 66. Ila muda huo unanunuliwa kwa saa za mafundi, na mwenye kazi anapaswa kuambiwa bei yake mapema.

Mafundi hujifunza nini hasa? Katika darasa la kwanza nilimwona fundi akirudi kwenye ramani kila alipofika usawa wa dirisha, anavuta futi, anapima, anauliza. Kufikia darasa la tatu alikuwa na fito ya mbao yenye alama za msumeno: kila kozi ya tofali, chini ya dirisha, chini ya lenta. Anaisimamisha kwenye kona, anafunga kamba, anaendelea. Saidia fundi naye alishajua aweke tofali ngapi wapi kabla hajaitwa. Kikosi cha pili hakikuwa na fito hiyo wala hakikujua ipo. Siku hizi nikilazimika kugawa, nasubiri kikosi cha kwanza kimalize madarasa mawili, kisha nahamisha fundi mmoja na saidia wake, na fito ya pili ikiwa imeshakatwa.

Usiteremshe kila kitu kwa 90%. Idadi ya tofali haipungui, labda zile zinazovunjika. Zege la lenta linahitaji siku zilezile kukomaa, liwe la darasa la kwanza au la 16. Kuchimba msingi nako kunafuata udongo ulioukuta. Punguzo ni la saa za mikono tu, nalo hukatika watu wakibadilishwa. Kazi ikisimama zaidi ya mwezi, hata mafundi wakirudi walewale, mimi hukadiria kana kwamba wamejenga nusu tu ya madarasa waliyokwisha kujenga.

Kuhakiki hiyo 90%, andika saa za kila darasa kwa kila kikosi, kisha gawanya saa za la nne kwa za la pili. Liache la kwanza, kwa kuwa huwa na siku za kusubiri vifaa na majibu ya ramani, nalo litakuonyesha punguzo kubwa kuliko lilivyo. Ukipata 0.95, usingoje darasa la nane ndipo urekebishe: kwa kiwango hicho madarasa 16 ya kikosi kimoja yatakula kama saa 4,450, si 3,850.