Ndoo, chupa ya Jik na kiini cha yai: maswali ya wakufunzi wa wauguzi wasaidizi

Nina wanagenzi 14 hapa Faza, saa mbili tu za kipindi, hakuna sinki wala otoklevu. Nianzie wapi katika somo la kuzuia maambukizi? – Mkufunzi, Faza

Punguza mada kwanza. Saa mbili zinatosha mambo matatu: mikono, maji ya klorini, na usafishaji wa vyombo. Takataka na sindano zitengee siku yake. Mikono ipe dakika 45, klorini 25, vyombo 40, na zinazobaki ziachie maswali.

Kwa mikono, tafuta dumu la lita tano lenye bomba dogo, beseni la kukinga maji machafu, sabuni ya kipande iliyokatwa vipande vidogo, na vitambaa safi, kimoja kwa kila mtu. Taulo moja likizunguka kwa watu 14, wa mwisho atapanguza uchafu wa 13 waliomtangulia. Kama huna dumu lenye bomba, mmoja amimine kwa kata na mwenzake anawe. Anayenawa asitie kata ndani ya ndoo kwa mkono wake mchafu, maana maji yote ya siku hiyo yatakuwa yameharibika.

Kisha chukua masizi ya chini ya sufuria, yachanganye na mafuta ya kupikia kidogo, umtilie kila mmoja kijiko cha chai viganjani. Aambiwe ajipake kote kama anavyojipaka mafuta akitoka kuoga. Afumbe macho, anawe kwa sabuni kwa sekunde 40 hadi 60 kama alivyozoea, kisha afumbue. Weusi utabaki pale pale karibu kwa kila mtu: kwenye vidole gumba, ncha za vidole, katikati ya vidole na nyuma ya mkono. Hapo ndipo uonyeshe hatua za kunawa, kwa sababu sasa kila mmoja anajua ni hatua gani aliyoiruka. Ukianza na hatua, wataziimba tu.

Hina si kikwazo. Ila kwa aliyejipaka piko, masizi hayataonekana kwenye maua yake, basi mkague viganja na kucha. Pete na bangili zivuliwe kabla, na kucha za kubandika zisiingie wodini kabisa.

Mimi nafundisha Jik moja kwa maji sita. Wanafunzi wamesoma kwingine kwamba ni moja kwa tisa. Nani yuko sawa? – Malindi

Inategemea lebo ya chupa. Kwa madoa ya damu tunataka maji yenye klorini asilimia 0.5. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, igawanye kwa 0.5, kisha toa moja. Jibu ni vipimo vya maji kwa kila kipimo kimoja cha dawa.

Chupa ya asilimia 3.5: 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa moja, baki 6. Kikombe kimoja cha dawa, vikombe sita vya maji. Chupa ya asilimia 5: unapata 10, toa moja, maji ni vikombe tisa. Wanafunzi wako hawakudanganywa, walifundishwa kwa chupa nyingine. Lakini wakiichukua ile moja kwa tisa wakaitumia kwenye chupa ya 3.5, watapata asilimia 0.35, na hakuna atakayegundua kwa sababu harufu itakuwa kali vile vile. Pua si kipimo.

Kosa tunalokutana nalo zaidi ni chupa nzima ya mililita 750 kumiminwa kwenye ndoo ya lita kumi kwa sababu ndoo ndiyo iliyopo. Hapo klorini inashuka hadi chini kidogo ya asilimia 0.25, yaani nusu ya inayotakiwa. Chupa hiyo, ikiwa ni ya asilimia 3.5, inachukua lita nne na nusu za maji, basi. Wape wanafunzi chupa mbili zenye lebo tofauti wapige hesabu kila mmoja kwa daftari lake, ndipo wachanganye.

Kuchanganya kufanywe mahali penye hewa, kwa glavu nzito, kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, kwa maji baridi. Usitie sabuni, siki wala limau: asidi ikikutana na Jik hutoa hewa ya sumu inayobana kifua. Andika saa ya kuchanganya kwenye plasta na uibandike kwenye ndoo. Baada ya saa 24, au mapema zaidi yakishachafuka, mwaga. Jua na joto huivunja klorini, basi chupa isikae dirishani. Na wakumbushe wenye mabuibui meusi wayakunje mikono. Tone moja tu, doa lake halitoki.

Wazee wa kazi hapa wanatia vyombo kwenye Jik dakika kumi kwanza, ndipo waoshe. Kijana aliyetoka chuoni anasema si hivyo tena. Tufuate lipi? – Lamu mjini

Mfuateni kijana. Wazee hawakukosea, walifundishwa hivyo, na vitabu vya zamani ndivyo vilivyosema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji wa vifaa haupendekezi kuloweka vyombo vichafu kwenye dawa kabla ya kuviosha. Sababu ni mbili. Damu na usaha huila klorini kabla haijafika kwenye vijidudu, na klorini nayo hula chuma. Kwenye visiwa vyenu, ambako maji mengi ya visima yana chumvi, chuma hicho kinashambuliwa pande mbili, na vidonda vya kutu huanza pale kwenye bawaba.

Badala yake, chombo kikitoka kwa mgonjwa kifutwe kwa kitambaa kibichi, kisha kikae katika hali ya unyevu: ama ndani ya maji yenye sabuni, ama kimefunikwa kwa kitambaa kilicholowa. Kisha kioshwe kwa maji ya sabuni na brashi laini, kikiwa kimefunguliwa na kimezama chini ya maji ili matone yasiruke usoni. Mwoshaji avae glavu nzito, aproni ya plastiki, na kitu cha kukinga macho. Suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua ya jabia, si ya kisima.

Darasani, wazo hili linaonekana kwa kiini cha yai. Asubuhi na mapema paka kiini kwenye bawaba za forsepsi mbili. Ya kwanza iache juani. Ya pili ifunge kwa kitambaa kibichi. Kipindi kikifika, itumbukize ile iliyokauka kwenye klorini dakika kumi kama wanavyofanya wazee, kisha mpe mwanafunzi brashi, na mwenzake mpe ile ya kitambaa. Ya kitambaa itasafika upesi. Ya klorini itabaki na utando wa njano ndani ya bawaba, na mwanafunzi atasugua hadi achoke. Mwambie aifungue na kuifunga mara kadhaa juu ya karatasi nyeupe: chembe zitakazoanguka ndizo ambazo angeziingiza kwenye kidonda.

Hatuna otoklevu. Kuchemsha kunatosha? Na maji yetu yanaacha ukoko mweupe. – Zahanati, Kisiwa cha Pate

Kunatosha kwa baadhi ya vitu. Maji yanayochemka huua bakteria na virusi, lakini mbegu za bakteria kama wa pepopunda huweza kunusurika. Kwa kukata kitovu tumia wembe mpya uliotoka kwenye pakiti yake isiyo na vijidudu. Usitegemee mkasi uliochemshwa wakati wembe upo.

Kuchemsha kwenyewe kuna masharti yanayovunjwa kila siku. Chombo kiwe kimeshaoshwa, kimefunguliwa, na maji yakifunike kwa kina cha sentimita mbili na nusu hivi. Dakika 20 zinahesabiwa tangu maji yanapochemka kwa nguvu, si tangu sufuria ilipowekwa jikoni. Mtu akitumbukiza mkasi mmoja zaidi dakika ya 15, hesabu inarudi mwanzo. Dakika zikitimia, vitoe vikiwa moto, kwa koleo lililochemshwa pamoja navyo, uviweke kwenye chombo chenye kifuniko kilichochemshwa pia. Kuviacha vipoe ndani ya maji yale yale ni kuvichafua upya.

Ukoko mweupe ni chokaa na chumvi za maji ya kisima. Huficha uchafu na kukaza bawaba. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi, na mara kwa mara ondoa ukoko wa sufuria kwa siki ikiwa tupu, kisha uisuuze vizuri, mbali na ndoo ya Jik.

Mkipata otoklevu ndogo ya kuweka juu ya jiko la gesi, jambo la kwanza kufundisha ni hewa. Ni lazima mvuke utoke mfululizo kwenye vali kabla ya kuifunga. Hewa ikibaki ndani, mshale wa presha utapanda sawasawa huku joto likiwa halijafika nyuzi 121. Hesabu ianze joto hilo likifika: dakika 20 kwa vyombo visivyofungwa, 30 kwa vilivyofungwa kwenye kitambaa. Kifurushi kikitoka kimelowa, hakifai.

Damu ikimwagika sakafuni, si tumwagie Jik tu? – Malindi

Hapana. Funika damu kwa kitambaa au karatasi inyonywe, uitie kwenye mfuko wa njano, ndipo umimine klorini ya asilimia 0.5 na kuiacha dakika kumi. Kisha futa, na upige deki kwa maji na sabuni. Ukimwaga dawa juu ya dimbwi, damu inaimaliza nguvu na matone yanarukia miguu. Miguu yenye kandambili, mara nyingi.

Glavu zimekwisha, tuoshe zilizotumika? – Mpeketoni

Zile nyembamba za kupimia mgonjwa, hapana. Kuzisugua na kuzitia klorini kunazitoboa matundu ambayo jicho halioni. Glavu nzito za mpira za kuoshea vyombo ndizo zinazooshwa na kurudiwa, hadi zipasuke. Zikiwa chache, acheni kuvaa glavu kwa kazi zisizozihitaji, kama kupima presha, kutandika kitanda kisicho na uchafu, au kuchoma sindano kwenye ngozi safi. Kwa kazi hizo, nawa mikono. Glavu zibaki kwa damu na majimaji ya mwili.

Nitajuaje kama wameelewa? Mtihani wa maandishi wote wanapita. – Mkufunzi, Faza, tena

Usiwape karatasi. Siku tatu baadaye ingia chumba cha kuoshea bila taarifa, ukamwulize yeyote utakayemkuta: ndoo hii imechanganywa saa ngapi, kwa chupa ya asilimia ngapi? Kisha chukua forsepsi moja iliyokwisha oshwa, uifungue na kuifunga juu ya karatasi nyeupe.