Malkia amekuja h5 mapema: nifanye nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina wiki tatu tu tangu nianze sataranji. Jana mpwa wangu wa miaka 10 kanimaliza kwa hatua nne. Katoa askofu, katoa malkia, mimi nikatoa farasi nimfukuze malkia, yeye akala kitunda kando ya mfalme wangu na mchezo ukaisha. Nilikuwa na kete nyeusi. Akirudia nimzuieje?

Jibu: Marahaba. Usione aibu, wengi wetu tulianza kwa kufungwa hivyo hivyo. Waingereza wameupa mtego huo jina la mwanazuoni, Wafaransa la mchungaji, na Warusi wanauita wa kitoto, jambo ambalo mpwa wako hatalipenda.

Tazama kitunda chako cha f7. Mchezo unapoanza, hicho peke yake kati ya vitunda vyako kinalindwa na mfalme tu. Askofu akikaa c4 anakilenga kwa mshazari. Malkia akija h5, naye anakilenga kwa mshazari wa upande wa pili. Walengaji wawili, mlinzi mmoja. Malkia akishakula f7, mfalme wako hawezi kumla kwa sababu nyuma yake yupo askofu anayemlinda, na nyumba za kukimbilia zimejaa kete zako mwenyewe, isipokuwa e7, ambayo malkia huyo anailenga.

Kwa hiyo farasi wako wa f6 alikuwa anamtisha malkia kweli, lakini hakuziba njia yoyote kati ya zile mbili. Ulimtisha mtu aliyekwisha kuinua panga. Mpangilio unaotakiwa ni huu. Q ni malkia, B askofu na N farasi, kama unavyoziona kwenye simu:

```
1. e4 e5
2. Bc4 Nc6
3. Qh5 g6
4. Qf3 Nf6
```

Hatua ya tatu ndiyo dawa. Kitunda kinachosogea g6 kinafanya kazi mbili kwa pamoja: kinaziba njia ya malkia kwenda f7, na kinamtisha, kwa maana asipoondoka utamla. Akila g6 yeye, unamla malkia kwa kitunda. Kusogeza malkia wako e7 kungezuia pia, ila hakumfukuzi mgeni, tena kunamfungia njia askofu wako wa f8.

Mpwa wako akiwa mjanja, atamrudisha malkia f3. Hapo wengi hupumua mapema. Sasa anailenga f7 tena, safari hii kwa kushuka mstari wa f moja kwa moja. Na sasa ndipo farasi yule yule aliyekuponza jana anapofaa: akikaa f6 anasimama katikati ya malkia na kitunda chako. Malkia akiwa h5 farasi huyo hazibi kitu. Akiwa f3, yeye ndiye ukuta. Ndiyo maana siwafundishi wanafunzi kukariri hatua. Nawaambia wafuate kwa kidole njia ya malkia mpaka f7, kisha waseme nani amesimama katikati.

Mshambuliaji mwenye hasira mara nyingi huendelea na g4, akitaka kusogeza g5 amfukuze farasi huyo. Mpeleke farasi wako wa c6 aende d4. Anamtisha malkia wa f3, na papo hapo anaitazama c2, ambako akiruka atampa mfalme cheki huku akiivizia ngome ya a1. Malkia atalazimika kukimbia, na kukimbilia d1 ndiyo njia ya kawaida ya kuilinda c2. Sogeza basi kitunda d5. Akikila kwa kitunda chake cha e4, askofu wako wa c8, ambaye njia yake imeshafunguka, anakula g4 na kumlenga malkia upya. Malkia wake amezunguka na kurudi nyumbani mikono mitupu, na wewe kete zako ziko nje zinafanya kazi.

Jambo moja la kuangalia sana. Wengine humtoa malkia h5 katika hatua ya pili, kabla ya askofu. Usikimbilie g6 hapo. Kitunda chako cha e5 bado hakina mlinzi. Malkia atakila na kukupa cheki, na kwa kuwa kitunda cha g kimeondoka g7, mshazari kutoka e5 hadi h8 uko wazi. Utaziba cheki, naye ataichukua ngome yako bure. Toa kwanza farasi c6 ailinde e5, na askofu akishafika c4 ndipo usogeze g6.