Kamisheni inapopanda na kushuka: maswali yenu kuhusu PAYE nchini Kenya

Mwezi nikiuza vizuri PAYE inakata pesa nyingi mno. Mwezi mbaya haikati kitu. Je, nakatwa zaidi ya ninavyostahili?

Huenda unakatwa zaidi, na chanzo ni hesabu ya mwezi mmoja mmoja. Mhasibu hukutoza kana kwamba kila mwezi wa mwaka utafanana na huu: 10% kwa shilingi 24,000 za kwanza, 25% kwa 8,333 zinazofuata, kisha 30% hadi kufikia 500,000. Halafu anaondoa nafuu ya kibinafsi ya 2,400. Mwezi mbaya, ngazi hizo za chini na nafuu hiyo hubaki bila kutumika.

Tuseme miezi 6 ulipata 15,000 na miezi 6 ulipata 105,000, baada ya kutoa NSSF, SHIF na tozo ya nyumba. Mwezi wa 15,000 kodi yake ni 1,500, nafuu inaifuta yote, na 900 ya nafuu inapotea. Mwezi wa 105,000 unakatwa takriban 23,883. Kwa mwaka mzima umekatwa kama 143,300.

Sasa tuhesabu kwa mwaka. Jumla ni 720,000: 10% ya 288,000 za kwanza, 25% ya 100,000 zinazofuata na 30% ya 332,000 zilizobaki. Hiyo ni 153,400. Ukitoa nafuu ya mwaka, 28,800, kodi halali ni 124,600. Umezidisha kama 18,700, na hiyo ni pesa yako.

Mwenzangu alirudishiwa. Mimi pia kamisheni yangu inayumba sana lakini hesabu yangu ilitoka sifuri. Kwa nini?

Angalia mwezi wako mbaya kuliko yote. Kama hata huo ulivuka 32,333, yaani pale ngazi ya 25% inapoishia, na mzuri haukuvuka 500,000, basi kila mwezi ulitumia ngazi zote za chini pamoja na nafuu yote, na kila kilichozidi kilitozwa 30%. Mtu anayeruka kati ya 40,000 na 200,000 hulipa karibu kiasi kilekile, uhesabu kwa mwezi au kwa mwaka. Urejesho huzaliwa na miezi iliyoshuka chini ya 32,333. Huweza pia kutokea pale mwezi mmoja mkubwa unapovuka 500,000 na kuingia 32.5%, huku miezi mingine ikiwa ya kawaida.

Nairudishaje hiyo pesa?

Kwanza muulize mhasibu wa mishahara, kabla hajafunga hesabu ya Desemba, kama hufanya marekebisho ya mwaka mzima. Wapo wanaofanya, na hapo kodi ya Desemba hushuka palepale.

Kama hafanyi, subiri fomu ya P9, ambayo mwajiri hutoa kuonyesha mapato na kodi yako ya mwaka, na uwasilishe ritani kwenye iTax kabla ya 30 Juni. Mapato ya mwaka huingia sehemu ya `F_Employment_Income` na kodi uliyokatwa huingia `M_Details_of_PAYE_Deducted`. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaandika kodi ya kabla ya nafuu. Andika ile iliyokatwa kweli, yaani baada ya nafuu, kama P9 inavyoonyesha. Kisha fungua `T_Tax_Computation` uhakikishe nafuu ni 28,800. Kiasi kikitoka hasi, umelipa zaidi. Ukishawasilisha, omba urejesho humohumo kwenye iTax.

KRA hulinganisha dai lako na alichowasilisha mwajiri. Kama alikukata lakini hakupeleka, au alikosea PIN yako, dai litakwama, kwa hiyo tunza karatasi zote 12 za mshahara.

Mimi kampuni hunikata 5% tu ya kamisheni, hakuna PAYE. Nimemaliza kodi?

Hujamaliza. Wanakuhesabu wakala, si mwajiriwa, na 5% hiyo ni malipo ya awali tu. Ukipata 600,000 kwa mwaka wanashikilia 30,000. Kwa ngazi zilezile kodi yako ni 88,600 baada ya nafuu, kwa hiyo bado unadaiwa 58,600, kabla hujaondoa gharama za kazi. Nauli za kufuata wateja na simu za biashara unaweza kuziondoa kama una risiti, jambo ambalo mwajiriwa kwa kawaida hawezi.

Salio hulipwa kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata, ingawa ritani yenyewe ina hadi 30 Juni. Ni rahisi kudhani tarehe zote mbili ni moja, kisha riba ikaanza kuhesabiwa. Kodi ya mwaka ikizidi 40,000, KRA hutarajia uilipe kwa awamu 4: kufikia tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Weka kando sehemu ya kila kamisheni siku unapoipokea, na hakikisha cheti cha ile 5% kimeonekana kwenye iTax, kwa sababu bila hicho hutahesabiwa zile 30,000.