Picha ya bodi: kabla ya kutaja jina la kifaa, tafuta mstari

Kijana mmoja wa Ifakara, fundi anayeanza, alinitumia picha ya bodi ya sabufa kwa simu. Sauti ilikuwa inakwaruza hata ukiipunguza. Chini ya picha akaandika: "Shikamoo fundi. Naona kapasita nne, dayodi nne na transista mbili. Moja ya hizo transista imechomwa na aliyetangulia, namba haisomeki vizuri. Niweke ipi?"

Nikaikuza ile picha. Vifaa viwili vyeusi vya miguu mitatu vilisimama jirani, kila kimoja na bati lake la tundu mgongoni. Cha kwanza kilisomeka 7812. Cha pili kilibaki na "12" ya mwisho tu, herufi nyingine zimefunikwa na masizi. Nikamjibu harakaharaka: hizo si transista, ni regyuleta, vifaa vya kushika volti zisibadilike, weka 7812 nyingine. Nusu ya kwanza ya jibu ilikuwa sahihi. Nusu ya pili ilimpotezea kijana wa watu siku mbili na nauli ya kufuata kifaa.

Kuhusu transista, kosa lake ni la kila mtu. Umbo lile lile la miguu mitatu na bati mgongoni hutumika kwa transista, kwa regyuleta, na hata kwa dayodi mbili zilizofungwa pamoja ndani ya ganda moja. Kwa hiyo mimi huanza na herufi iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, pembeni ya kifaa. R ni rezista, C ni kapasita, D ni dayodi, ZD ni dayodi ya zena, L ni koili, Q ni transista, na U au IC ni aisi, kundi ambalo regyuleta huwekwa mara nyingi. Kwenye picha ya kijana palichapwa IC2 na IC3. Angeziona hizo herufi asingesema transista. Lakini herufi haikwambii ni regyuleta gani, na hapo ndipo nilipoteleza mimi.

Alipoweka 7812 ya pili, sauti iliendelea kukwaruza vilevile. Nikamwambia aweke mita, waya mweusi kwenye graundi na mwekundu kwenye mguu wa tatu wa kila regyuleta. Ya kwanza ikatoa volti 12 safi. Ya pili haikutoa kitu cha maana. Nikarudi kwenye ile picha ya siku ya kwanza, safari hii nikiwa nimetulia, na jibu lilikuwepo pale pale muda wote.

Anza na dayodi nne. Zilikuwa zile nyeusi nene kidogo, 1N4007, kila moja na mstari mweupe upande mmoja. Mstari huo unaonyesha mguu ambako umeme chanya unatokea. Fuata njia za shaba: mahali ambapo dayodi mbili zinakutana kwa miguu yenye mstari, hapo ndipo chanya ya bodi nzima. Mahali ambapo nyingine mbili zinakutana kwa miguu isiyo na mstari, hapo ni hasi. Trafo ya sabufa ile ilikuwa na waya tatu upande wa kutoa, na ule wa kati ulikwenda moja kwa moja graundi. Maana yake bodi ina chanya na hasi, na graundi iko katikati. Kwa trafo ya 15-0-15, utapima takriban volti 20 juu ya graundi na 20 chini yake. Bodi ya namna hiyo haihitaji 7812 mbili. Inahitaji 7812 upande wa chanya na 7912 upande wa hasi.

Ushahidi wa pili ulikuwa kwenye kapasita. Zile za mviringo zenye ganda la plastiki zina mstari pia, ila wa kwao una maana nyingine: unaonyesha mguu wa hasi. Karibu na regyuleta ya kwanza, mguu wenye mstari ulikwenda graundi. Karibu na ya pili, mguu wenye mstari ulikwenda kwenye regyuleta, na ule usio na mstari ndio ulioshika graundi. Kapasita imegeuzwa makusudi, kwa sababu upande ule graundi ndiyo iliyo juu. Ukiona kapasita mbili jirani zimetazamana kinyume namna hiyo, usiseme kiwanda kimekosea.

(Kuna vile vidogo vya rangi ya njano vilivyolala bapa, kapasita za tantalamu. Hizo mstari wake ni wa chanya. Nimeshawahi kuiweka moja kinyume, ikapasuka karibu na jicho langu. Na usiamini sana nusu duara iliyopakwa rangi kwenye bodi. Viwanda vingi huipaka upande wa hasi, lakini si vyote.)

Regyuleta hizi mbili hazibadilishani hata kama miguu inaingia vizuri kwenye matundu. Itazame upande wenye maandishi, miguu chini. Kwa 7812, kushoto ni kuingia, kati ni graundi, kulia ni kutoa. Kwa 7912, kushoto ni graundi, kati ni kuingia, kulia ni kutoa. Bati la mgongoni limeungana na mguu wa kati, kwa hiyo kwa 7812 bati ni graundi, na kwa 7912 bati lina volti 20 za hasi. Ukizifunga zote mbili kwenye hitsinki moja bila karatasi ya maika na kikombe cha plastiki kwenye skrubu, umepiga shoti.

Rezista kwenye picha zinanichosha, sitakuficha. Chini ya taa ya njano, rangi nyekundu, kahawia na machungwa zinafanana, na hiyo ndiyo tofauti ya kilo-omu 1 na kilo-omu 10. Mtumaji apime mwenyewe, mguu mmoja ukiwa umetolewa kwenye bodi. Zile bapa zenye namba ni nafuu: 103 ni 10 ikifuatwa na sifuri tatu, yaani omu 10,000. Ila 100 ni omu 10, si mia. Na kidude cha kioo chenye rangi ya machungwa kinaweza kuwa dayodi ya kawaida au zena. Kama bodi haikuandika ZD na namba haisomeki, picha haitakwambia.

Tangu siku ile simjibu mtu kwa picha moja. Kwanza achomoe umeme, asubiri, na apime kapasita kubwa mpaka zisome karibu na sifuri. Apige brashi yenye spiriti juu ya namba, azime flashi, kisha amulike tochi kutoka ubavuni, maana maandishi yaliyochongwa huonekana kwa kivuli. Atume picha ya upande wa vifaa na ya upande wa shaba. Ile ya shaba naigeuza kushoto-kulia kwenye simu kabla ya kulinganisha, la sivyo mguu wa kwanza unakuwa wa tatu.

Kijana alipata 7912 na kuichomelea. Mita ikasoma hasi 11.9, mkwaruzo ukaisha. Ile 7812 ya ziada amesema ananidai, na nauli juu yake.